Kuhifadhi mwanga uliosambaa wa probu kwa haromoniki za tufe: kwa nini vizigeu tisa vinatosha

Chukua chumba chenye umbo la mchemraba. Ukuta mmoja tu, ule wa upande wa +X, unatoa mwanga, na mng'ao wake ni 1 kila mahali. Kuta nyingine tano ni nyeusi tititi. Katikati ya chumba tunaweka probu ya mwanga, yaani nukta inayorekodi mwanga unaofika hapo kutoka kila upande. Baadaye kitu kidogo cheupe kisichong'aa kitapita hapo, na sheda itaiuliza probu: uso ulioelekea huku unapata mwanga kiasi gani?

Majibu sahihi ya swali hilo yanajulikana kwa jiometri. Mwangazo ukigawanywa kwa π, uso ulioelekea +X hupata 0.554. Nyuso nne za ubavuni, zinazouona ukuta kwa nusu tu na kwa mshazari, hupata 0.111 kila moja. Uso ulioupa ukuta mgongo hupata 0. Tutakuwa tukiurudia mfano huu hadi mwisho, kwa sababu ni jaribio zuri kuliko mengi: hesabu yake ni ndogo, lakini makosa mengi hujificha kwenye majaribio mengine na hapa yakaonekana.

Kabla ya hapo, maneno mawili yasichanganywe. Mng'ao ni mwanga unaofika kutoka mwelekeo mmoja. Mwangazo ni jumla ya mwanga wote unaoangukia uso, kila mwelekeo ukiwa umepimwa kwa kosaini ya pembe kati yake na nomali. Probu hupiga picha ya mng'ao, lakini uso usiong'aa huhitaji mwangazo.

Tunachokwepa

Njia ya moja kwa moja ni kuhifadhi ramani ya mchemraba. Yenye pikseli 32 kwa 32 kwa kila uso ina tekseli 6,144, na kwa rangi tatu za biti 16 inachukua baiti 36,864. Ukiwa mbahili unaweza kuhifadhi mwangazo uliokwisha kukokotolewa kwenye ramani ya 8 kwa 8, ambayo ni baiti 2,304. Vizigeu tisa kwa rangi tatu ni namba 27 tu: baiti 54 kwa biti 16, au 108 kwa biti 32. Faida si nafasi peke yake. Namba 27 unaweza kuzijumlisha, kuzizidisha na kuzichanganya na za probu jirani kama unavyochanganya rangi, bila kusoma tekstua hata moja.

Kwa nini tisa

Haromoniki za tufe ni maumbo ya mwanga yaliyotandazwa juu ya tufe, na yamepangwa kwa ngazi. Ngazi ya 0 ina umbo moja, ambalo ni wastani wa mwanga wote. Ngazi ya 1 ina matatu, na kazi yake ni kusema mwanga umeegemea upande gani. Ngazi ya 2 ina matano. Haya hutofautisha, kwa mfano, mwanga unaotoka pande mbili zinazokabiliana na ule unaouzunguka uso kama mkanda. Moja, tatu na tano ni tisa, na kila umbo lina kizigeu chake, yaani namba inayosema limo kwa kiasi gani. Kadiri ngazi inavyopanda ndivyo maumbo yanavyobeba mabadiliko ya ghafla zaidi, na mng'ao halisi una ngazi hizo bila kikomo: dirisha lenye kingo kali, taa ndogo, majani.

Lakini hatuhifadhi mng'ao kwa ajili ya kuutazama. Uso usiong'aa hukusanya mwanga wa nusutufe nzima kwa uzito wa max(0, x), ambapo x ni kosaini ya pembe. Huo ni ukungu mpana kupita kiasi. Na kwa kuwa uzito huo ni uleule kuuzunguka mhimili wa nomali, athari yake kwa haromoniki ni nyepesi kabisa: kila ngazi huzidishwa kwa namba moja, basi. Ukigawanya kwa π, namba hizo kuanzia ngazi ya 0 hadi ya 6 ni hizi:

```
1, 2/3, 1/4, 0, -1/24, 0, 1/64
```

Sifuri ya ngazi ya 3 ndiyo kiini cha habari nzima, nayo ina sababu inayoonekana kwa macho. Andika max(0, x) kama x/2 + |x|/2. Sehemu ya kwanza, x/2, ni umbo la ngazi ya 1 hasa, hakuna kingine ndani yake. Sehemu ya pili, |x|/2, ni sawa mbele na nyuma, kwa hiyo haiwezi kuwa na ngazi yoyote ya witiri, maana ngazi za witiri hubadili alama ukigeuza mwelekeo. Basi ngazi ya 3, ya 5, ya 7 na kuendelea zote hufutika. Hazipungui tu, bali hufutika kabisa.

Angalia sasa maana yake kwa anayetaka kuongeza usahihi. Akiongeza ngazi ya 3 analipa vizigeu saba zaidi, anafika 16, na hapati chochote. Ili aone tofauti lazima afike ngazi ya 4, yaani vizigeu 25, na ngazi hiyo huzidishwa kwa 1/24 tu. Ukipima nguvu iliyomo ndani ya umbo max(0, x), ngazi ya 0 inabeba asilimia 37.5, ya 1 inabeba 50, na ya 2 inabeba 11.72. Jumla ni asilimia 99.22. Ngazi ya 4 ingeongeza takriban 0.59. Ndiyo maana watu husimama kwenye tisa: baada yake ngazi nzima haileti kitu, na inayofuata huleta kidogo kwa bei kubwa. Ravi Ramamoorthi na Pat Hanrahan walilionyesha hili mwaka 2001 wakishughulikia michoro ya kompyuta, na mwaka huohuo Ronen Basri na David Jacobs walifikia hitimisho hilohilo wakitokea upande wa utambuzi wa picha.

Je, vinne si vingetosha? Ngazi mbili za kwanza zina asilimia 87.5, na kwa ramani za simu dhaifu wengi huishia hapo. Chumba chetu kinaonyesha gharama yake:

```
nomali     sahihi    vizigeu 4    vizigeu 9
+X         0.554       0.444        0.559
ubavuni    0.111       0.167        0.109
-X         0.000      -0.110        0.004
```

Kwa vinne, upande unaotazama ukuta umepoteza moja ya tano ya mwanga wake, na upande wa nyuma umepewa mwanga hasi. Kwa tisa, kosa ni chini ya asilimia 1 mbele, na ubavuni tofauti ni 0.002. Huo si ulinganisho wa karibu-karibu. Ngazi ya 2 ndiyo inayoutofautisha mgongo wa kitu na ubavu wake.

Kukokotoa vizigeu kutoka kwenye ramani ya mchemraba

Piga picha ya mazingira kutoka mahali pa probu, nyuso sita za 32 kwa 32. Zaidi ya 64 ni kupoteza muda, mradi picha kubwa ipunguzwe kwa wastani wa tekseli jirani. Ukiipunguza kwa kuruka tekseli, taa ndogo huonekana au kupotea kwa bahati, na probu mbili zilizokaribiana zitatofautiana bila sababu. Thamani ziwe za mstari, kabla ya sRGB na kabla ya marekebisho yoyote ya skrini. Wastani wa thamani za sRGB si wastani wa mwanga.

Maumbo tisa, kwa mwelekeo wenye urefu wa 1, ni haya:

```
Y0 = 0.282095
Y1 = 0.488603 * y
Y2 = 0.488603 * z
Y3 = 0.488603 * x
Y4 = 1.092548 * x*y
Y5 = 1.092548 * y*z
Y6 = 0.315392 * (3*z*z - 1)
Y7 = 1.092548 * x*z
Y8 = 0.546274 * (x*x - y*y)
```

Mpangilio wa y, z, x katika ngazi ya 1 huwachanganya wengi. Pia kuna maktaba zinazoweka alama ya kutoa kwenye Y1, Y3, Y5 na Y7. Utaratibu wowote ni sahihi mradi anayeandika na anayesoma watumie uleule. Ukichukua kikokotozi cha maktaba moja na sheda ya nyingine, linganisha orodha hizi kwanza.

Kisha pita tekseli zote:

```
L[0..8] = 0;  jumla = 0
kwa kila uso, i, j:
    u = 2*(i + 0.5)/N - 1
    v = 2*(j + 0.5)/N - 1
    w = 4 / (N*N * pow(1 + u*u + v*v, 1.5))
    d = normalize(mwelekeo(uso, u, v))
    kwa k = 0..8:
        L[k] += rangi * Y(k, d) * w
    jumla += w
L *= 4*PI / jumla
```

Namba w ni kipande cha tufe ambacho tekseli inakifunika. Tekseli ya katikati ya uso hufunika kipande kikubwa. Ya pembeni kabisa iko mbali zaidi na imekaa mshazari, hivyo hufunika karibu mara 5.2 kidogo zaidi. Jumla ya w zote inapaswa kuwa 4π, yaani 12.566. Fomula hii hukadiria, ndiyo maana mstari wa mwisho unairekebisha. Jumla ikitofautiana na 12.566 kwa zaidi ya asilimia moja kwenye 32 kwa 32, kuna kosa kwenye u, v au w.

Kama huna ramani bali unarusha miale kwa mielekeo ya nasibu iliyosambaa sawasawa, kazi ni ileile. W inakuwa 4π gawanya kwa idadi ya miale.

Sasa jaribu. Jaribio ambalo kila mtu hulifanya ni mazingira meupe yote, mng'ao 1 kila upande: L0 iwe 3.545 na vingine vyote sifuri, na uso mweupe utoke na 1 kamili. Lifanye, kwa sababu linanasa makosa ya π mara moja. Ukipata 3.14, hukugawanya. Ukipata 0.318, umegawanya mara mbili. Lakini usiishie hapo. Jaribio hili halinasi uzito uliosahauliwa. Ukiweka w sawa kwa tekseli zote, chumba cheupe bado kitatoa majibu sahihi, kwa sababu makosa ya nyuso sita hufutana kwa ulinganifu.

Ukuta mmoja wa +X haukubali kudanganywa. Vizigeu vyake vinapaswa kuwa:

```
L0 =  0.591
L3 =  0.851
L6 = -0.364
L8 =  0.631
vingine = 0
```

L3 ikitoka 0.812 huku L0 ikiwa sahihi, umesahau w. Ikiwa thamani ya 0.851 imejitokeza kwenye L1 au L2, mihimili imebadilishana. Ikiwa ni −0.851, ama uso wa +X na wa −X vimepishana, ama ni ile alama ya kutoa tuliyoitaja. Rudia kwa ukuta wa +Y na wa +Z, maana injini ambayo Y ni juu ikikutana na chombo ambacho Z ni juu, jaribio la +X peke yake linaweza kupita salama huku anga ikiwa imelala ubavu.

Kufungasha kwa ajili ya sheda

Hapa kuna uamuzi wa kufanya mara moja na kuuandika mahali panapoonekana: je, faili inahifadhi mng'ao ambao haujaguswa, au mwangazo uliokwisha kuzidishwa kwa 1, 2/3 na 1/4? Kwa maoni yetu faili ya kwenye diski ibaki na mng'ao, kwa kuwa unaweza kutaka kuuchakata tena, na kuzidisha kufanyike wakati wa kupakia kwenda kwenye kadi ya michoro. Kinachovunja kazi za watu ni hatua mbili tofauti kuzidisha kila moja kwa wakati wake. Dalili yake ni mwanga uliopooza: wastani uko sawa, lakini vitu vinaonekana bapa, kwa sababu ngazi ya 1 imepunguzwa hadi 4/9 na ya 2 hadi 1/16.

Wakati wa kupakia, zidisha pia kwa namba za maumbo. Kwa kila rangi:

```
A = ( 0.325735*L3, 0.325735*L1, 0.325735*L2,
      0.282095*L0 - 0.078848*L6 )
B = ( 0.273137*L4, 0.273137*L5,
      0.236544*L6, 0.273137*L7 )
C =   0.136569*L8
```

Ni vekta mbili za namba nne kwa kila rangi, na C za rangi tatu zinakaa pamoja kwenye vekta ya saba. Namba 27 ndani ya nafasi 28. Sheda inabaki hivi:

```
vec4 n1 = vec4(n, 1.0);
vec4 n2 = vec4(n.x*n.y, n.y*n.z, n.z*n.z, n.x*n.z);
vec3 e = vec3(dot(Ar,n1), dot(Ag,n1), dot(Ab,n1))
       + vec3(dot(Br,n2), dot(Bg,n2), dot(Bb,n2))
       + C.rgb * (n.x*n.x - n.y*n.y);
vec3 diffuse = albedo * max(e, 0.0);
```

Tayari imegawanywa kwa π, hivyo albedo inazidishwa moja kwa moja. Kwa ukuta wetu A ni (0.277, 0, 0, 0.195), B ina −0.086 kwenye nafasi ya tatu, na C ni 0.086. Weka n kuwa (1, 0, 0) na ujumlishe kwa mkono: 0.277 + 0.195 + 0.086 ni 0.558. Ni ile 0.559 ya jedwali, tofauti ikiwa ya kukadiria desimali. Kwa (0, 1, 0) unapata 0.195 − 0.086, yaani 0.109.

Nomali lazima iwe na urefu wa 1 inapofika hapa. Ile 0.078848 iliyofichwa ndani ya A inategemea hilo. Nomali iliyochanganywa kati ya vipeo vitatu vya pembetatu huwa fupi kidogo katikati, na usipoirefusha tena utaona madoa hafifu katikati ya pembetatu kubwa.

Biti 16 zinatosha kwa vizigeu, isipokuwa kwa jambo moja: thamani kubwa kabisa ya aina hiyo ni 65,504. Anga iliyopimwa kwa vipimo vya fizikia inaweza kulipita hilo, kwa hiyo zidisha kwa kipimo cha ekspozha kabla ya kuhifadhi. Ukihitaji kubana zaidi, kuna mipaka inayosaidia. Kwa kuwa mng'ao hauwi hasi, kizigeu chochote cha ngazi ya 1 hakizidi mara 1.732 ya L0, na cha ngazi ya 2 hakizidi mara 2.236. Gawanya kwa L0 ya rangi hiyohiyo, hifadhi uwiano kwa biti 8 zenye alama, na L0 kwa biti 16. Probu nzima inakuwa baiti 30. L0 ikiwa sifuri, andika sifuri kote na usigawanye.

Jua, na mkanda mweusi ubavuni

Ukuta mpana ni mwanga mpole. Tuweke kinyume chake: mwali mmoja wa jua, ambao uso ulioukabili unapaswa kupata 1, na uso mwingine wowote max(0, x). Vizigeu tisa vinarudisha:

```
0.09375 + 0.5*x + 0.46875*x*x
```

Mbele kabisa inatoa 1.0625, ziada ya asilimia 6. Kwenye x = 0, ambako jua linagusa uso kwa ubavu tu, inatoa 0.094 badala ya sifuri. Halafu inashuka chini ya sifuri, na pabaya kabisa ni x = −0.533, nyuzi 122 kutoka kwa jua, ambapo ni −0.040. Nyuma kabisa inapanda tena hadi 0.0625. Huku ndiko kuyumba kunakotokea kila umbo kali linapojengwa kwa maumbo laini machache, na hali hii hata ukuta wetu haukuikwepa: mahali fulani kati ya ubavu na mgongo unashuka hadi −0.002.

Kwa macho utaliona kwenye tufe jeupe: mkanda wa giza unaouzunguka upande wa kivuli, na ndani yake, upande ulio kinyume na jua, doa lenye mwanga zaidi kuliko mkanda wenyewe. Rangi huongeza fumbo. Jua la machungwa lina nyekundu nyingi, hivyo nyekundu ndiyo inayozama zaidi, na max(e, 0.0) ikishaikata, mkanda unageuka wa samawati. Mtu huanza kutafuta kosa kwenye anga wakati kosa liko kwenye jua.

Tiba ya kwanza ni kulitoa jua. Kama tayari lipo kama taa ya moja kwa moja, kuliacha ndani ya probu ni kulihesabu mara mbili hata kama lisingeyumbisha chochote. Kipenyo chake angani ni takriban nusu digrii, kwa hiyo kwenye ramani ya 32 kwa 32 ni kama tekseli moja. Ifute kabla ya kupunguza picha, si baada ya hapo, kwa sababu baada ya hapo tayari limemwagika kwa jirani.

Lakini kuna vyanzo vikali visivyotolewa: dirisha dogo kwenye chumba cha giza, sakafu iliyopigwa na jua. Kwa hivyo punguza ngazi ya 1 na ya 2 kwa namba moja, w, na uiache ngazi ya 0 ili wastani usiguswe. Kwa mwali mmoja, w inayotosha kuondoa uhasi wote ni 0.863. Na kwa kuwa mwanga wowote ni jumla ya miale, namba hiyo inatosha kwa mazingira yoyote yale. Bei yake: kilele cha mwali kinakuwa 0.951, na mwanga unaovuja kwenye x = 0 unapanda kutoka 0.094 hadi 0.115.

Kuzipunguza probu zote hivyo ni ubadhirifu, maana nyingi hazina tatizo. Afadhali kila probu ipimwe wakati wa kuichakata. Kokotoa e kwa mielekeo 64 hivi iliyosambaa sawasawa, chukua ndogo kabisa, na ikiwa ni hasi:

```
e0 = 0.282095 * L0
w  = e0 / (e0 - eNdogo)
```

Fanya hivyo kwa kila rangi, kisha tumia w ndogo kuliko zote kwa rangi zote tatu. Kila rangi ikipewa w yake, kivuli kitapata rangi ambayo haimo kwenye mazingira.

Tahadhari kuhusu desturi iliyoenea ya kupunguza ngazi ya 2 zaidi ya ngazi ya 1. Kwa mwanga wa mchanganyiko husaidia, lakini kwa mwali mmoja inaweza kuharibu. Ukiacha ngazi ya 1 kwenye 0.833 na kushusha ya 2 hadi 0.357, mgongo wa tufe unafika −0.055, pabaya kuliko kabla ya kuanza. Sababu tuliiona kwenye jedwali: ngazi ya 2 ndiyo inayoinua mgongo ambao ngazi ya 1 imeuzamisha.

Mahali ambapo tisa haziwezi kitu

Hoja yote iliyopita inahusu uso usiong'aa ulio pale pale probu ilipo. Uso unaong'aa haukusanyi nusutufe nzima bali koni nyembamba, hivyo ngazi za juu hazifutiki, na vizigeu tisa vitarudisha kioo kilichojaa ukungu. Mwangaza huo uhifadhiwe kwenye ramani yake ya mchemraba.

Mwanga unaovuja kupenya ukuta nao hautibiwi kwa vizigeu. Kati ya probu mbili, kuchanganya vizigeu kwa uzito wa umbali ni sahihi kihesabu, kwa kuwa kila kitu hapa ni cha mstari, na probu mbili zisizo na uhasi zikichanganywa kwa uzito chanya hazizai uhasi. Lakini probu ya nje yenye anga nzima, ikichanganywa na ya ndani ya chumba chenye giza, itaweka anga kwenye pembe ya chumba hata ukitumia vizigeu 25. Hapo dawa ni kuiondoa probu iliyo upande wa pili wa ukuta kwenye mchanganyiko na kugawanya upya uzito wa zilizobaki ili jumla yake irudi 1. Usipogawanya upya, pembe ile itakuwa nyeusi badala ya kung'aa, na kwa mtazamaji ni doa lilelile, ila rangi tu imegeuzwa.